Nusu-uhai wa dawa: hesabu ya siku ambazo mseto wa malaria hubaki mwilini

Mtu mzima akishameza vidonge vya mwisho vya dawa ya mseto, ile ALu tunayotoa kwa malaria, huona kazi imekwisha. Homa imeshuka, hamu ya kula imerudi, boksi limetupwa. Ndani ya damu mambo ni tofauti. Kidonge kile kina dawa mbili, atemetha na lumefantrini. Ya kwanza itakuwa imekwisha kabisa kabla ya kesho yake usiku. Ya pili itaendelea kuzunguka mwilini kwa wiki kadhaa. Zimemezwa pamoja, kwa maji yaleyale, lakini kila moja ina saa yake.

Saa hiyo ndiyo nusu-uhai. Ukijua kuihesabu utaweza kujibu maswali tunayoulizwa kila siku kwenye dirisha la dawa hapa Moshi, hasa na watu wanaoshuka kulima mpunga huku bondeni, ambako mbu ni wengi, si kama kule juu Marangu au Machame. Dawa imeshatoka? Je, bado inanilinda? Naruhusiwa kumeza dawa nyingine? Mbona nimepima tena kikasoma nina malaria? Mwongozo huu unafuata dozi moja ya mseto tangu kidonge cha kwanza hadi mabaki ya mwisho. Njia hiihii unaweza kuitumia kwa dawa nyingine nyingi, na zile zisizofuata hesabu hii nitazitaja pia.

Hatua ya 1: Elewa kinachohesabiwa

Nusu-uhai ni muda ambao mwili unahitaji ili kiasi cha dawa kwenye damu kibaki nusu ya kilivyokuwa. Dawa yenye nusu-uhai wa saa 2 ikiwa 100 sasa hivi, baada ya saa 2 itakuwa 50. Baada ya saa 2 nyingine haitakuwa sifuri, itakuwa 25. Kisha 12.5, kisha 6 na kidogo, kisha 3.

Watu wengi hukwama hapo kwenye "haitakuwa sifuri", kwa hiyo tusipite haraka. Ini na figo hazitoi miligramu zilezile kila saa. Zinatoa sehemu ya kile kinachopita ndani yake. Damu ikija na dawa nyingi, nyingi huondolewa. Ikija na kidogo, kidogo huondolewa. Ndiyo maana kushuka kutoka 100 hadi 50 kunachukua muda uleule wa kushuka kutoka 2 hadi 1, na ndiyo maana namba moja tu inatosha kueleza safari nzima.

Kumbuka vituo viwili. Baada ya nusu-uhai 5 inabaki kama asilimia 3 ya dawa, na kwa matumizi mengi ya hospitali hapo tunasema dawa imetoka. Baada ya nusu-uhai 10 inabaki chini ya sehemu moja kwa elfu.

Hesabu hii inadai mitambo ya mwili isiwe imezidiwa. Kwa dozi za kawaida za dawa nyingi haizidiwi. Pombe ndiyo inayovunja kanuni hii waziwazi. Mtu akinywa mbege za kutosha, vimeng'enya vya ini vinafanya kazi kwa nguvu zake zote tangu mwanzo, kwa hiyo pombe hushuka kwa kiwango kilekile kila saa badala ya kupungua kwa nusu. Anayetaka kujua pombe itatoka lini asitumie nusu-uhai, atakosea.

Hatua ya 2: Tafuta namba, na hakikisha ni ya dawa ipi

Namba hiyo imo kwenye karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi, ile ndefu ya herufi ndogo ambayo wengi huitupa. Tafuta sehemu inayoeleza mwili unavyoiondoa dawa. Mara nyingi imeandikwa kwa alama `t½`. Kidonge chenye dawa mbili kina namba mbili, na kuzichanganya ndilo kosa la kwanza.

Kwa mseto, atemetha ina nusu-uhai wa saa 2 hivi. Ini huigeuza kuwa dawa nyingine, dihidroatemisinini, ambayo nayo inaua vimelea, na nayo haidumu zaidi ya hapo. Ni lazima uangalie jambo hili kwa kila dawa: je, kinachotokana nayo bado kinafanya kazi, na kinakaa muda gani? Dayazepamu, kwa mfano, huzaa kitu kinachoendelea kumlegeza mtu muda mrefu kuliko yenyewe, na anayehesabu dayazepamu peke yake atampa mgonjwa ruhusa ya kuendesha gari mapema mno. Kwa atemetha tuna bahati, mzazi na mtoto wanaondoka pamoja.

Lumefantrini ina nusu-uhai wa siku 3 hadi 6. Upana huo si uzembe wa watafiti. Watu wanatofautiana kweli, na mgonjwa wa malaria huiondoa polepole kuliko mtu mzima wa afya. Katika mfano wetu nitatumia siku 4, kisha nitarudi kwenye 3 na 6 tuone mipaka.

Hatua ya 3: Panga saa ya dozi

Tumchukue mkulima wa mpunga wa Mabogini, mtu mzima wa kilo 60. Amepimwa Jumatatu asubuhi, ana malaria isiyo kali. Dozi yake ni vidonge 4 kwa mara moja, mara 6, jumla vidonge 24. Anameza vya kwanza saa 4 asubuhi palepale dirishani. Vya pili ni baada ya saa 8, yaani saa 12 jioni, na hapa ndipo wengi huteleza kwa kusubiri hadi usiku wa manane. Vya tatu ni saa 24 baada ya vile vya kwanza, na kuanzia hapo ni kila baada ya saa 12: Jumanne saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, Jumatano saa 4 asubuhi na saa 4 usiku.

Ratiba hii inaeleweka ukiufuata nusu-uhai wa saa 2. Atemetha hufika kilele kwenye damu kama saa 2 baada ya kumezwa. Kwa dozi ya mwisho ya Jumatano, kilele kinaangukia saa 6 usiku. Sasa gawa nusu kila saa 2. Saa 8 usiku 50. Saa 10 alfajiri 25. Saa 12 asubuhi ya Alhamisi 12.5. Saa 2 asubuhi 6. Saa 4 asubuhi 3. Alhamisi saa 2 usiku nusu-uhai 10 zimepita, atemetha haipo.

Kila dozi kati ya zile 6 inapita hivyohivyo, inapanda kwa nguvu na kuzama ndani ya nusu siku. Aliyeruka dozi ya asubuhi ana damu isiyo na atemetha mchana kutwa, na dozi ya jioni hairudishi muda huo. Kumeza vidonge 8 badala ya 4 nako hakusaidii kama watu wanavyodhani. Ukizidisha dozi mara mbili unaongeza nusu-uhai moja tu: 200 inashuka hadi 100 baada ya saa 2, halafu uko palepale ambapo dozi ya kawaida ingeanzia. Umemeza mara mbili, umenunua saa 2.

Kwa nini basi tutumie dawa inayokimbia hivi? Kwa sababu inaua haraka mno. Kimelea cha malaria hii yetu, falsiparumu, huzunguka ndani ya chembe nyekundu kwa saa 48, na dawa za jamii ya atemisinini hupunguza vimelea takriban mara elfu kumi katika kila mzunguko. Siku 3 za dozi zinagusa mizunguko miwili. Mgonjwa aliyekuwa na vimelea trilioni moja anabaki na kama elfu kumi. Homa imekwisha, anajisikia mzima, lakini elfu kumi si sifuri, na wakiachwa watazaana tena. Hao ndio mgawo wa lumefantrini.

Hatua ya 4: Hesabu mkia wa lumefantrini

Unaweza kushawishika kuchukua kilele cha lumefantrini Alhamisi alfajiri, ukiite 100, na kugawa nusu kila siku 4. Usifanye hivyo. Lumefantrini inapenda mafuta, kwa hiyo siku za kwanza baada ya dozi inatoka kwenye damu na kuingia kwenye mafuta na tishu za mwili, na kiwango kwenye damu kinaporomoka kuliko nusu-uhai unavyosema. Baadaye inarudi kidogokidogo kutoka kwenye tishu kwenda kwenye damu na kuondolewa, na hapo ndipo mteremko unapotulia. Namba ya siku 3 hadi 6 ni ya mteremko huo uliotulia, yaani mkia. Dawa nyingi zinazojificha kwenye tishu zina tabia hii, na anayeanza kuhesabu kwenye kilele hupata jibu lililozidi ukweli.

Watafiti wa malaria wanapima lumefantrini siku ya 7 tangu dozi ya kwanza, na wewe anzia hapo. Kwa mkulima wetu siku ya 7 ni Jumatatu inayofuata. Tuseme siku hiyo damu yake ina nanogramu 400 kwa mililita, kiwango ambacho mtu aliyemeza dozi vizuri anaweza kuwa nacho. Nusu-uhai ni siku 4:

Jumatatu, siku ya 7: 400
Ijumaa, siku ya 11: 200
Jumanne, siku ya 15: 100
Jumamosi, siku ya 19: 50
Jumatano, siku ya 23: 25

Usiiamini hesabu hii hadi nanogramu ya mwisho. Iamini kwa mpangilio: wiki moja baada ya kumaliza vidonge bado ana dawa ya kutosha, wiki mbili ana mabaki yanayopungua, na baada ya wiki tatu hivi kilichobaki hakina nguvu ya maana.

Hatua ya 5: Tafuta mstari ambapo kazi ya dawa inakoma

Dawa haiachi kufanya kazi inapofika sifuri. Inaacha inaposhuka chini ya kiwango kinachoweza kumwua kimelea au kumzuia asizaane. Huo ndio mstari. Kwa lumefantrini, mstari unaotumiwa sana ni nanogramu 200 kwa mililita siku ya 7: walio chini yake wana hatari kubwa zaidi ya malaria kurudi.

Sasa mlinganishe mkulima wetu na jirani yake aliyemeza vidonge vilevile kwa saa zilezile, ila kwa maji matupu na tumbo tupu siku zote 3. Lumefantrini bila mafuta hupita tumboni na sehemu kubwa kutoka na choo. Kwa watu wazima wa afya waliopewa chakula chenye mafuta mengi, iliyoingia kwenye damu ilifikia mara 16 ya ile ya waliokuwa na njaa. Tusichukue 16. Tuseme jirani alipata robo tu ya kiwango cha mkulima. Siku ya 7 ana nanogramu 100.

Robo ni nusu ya nusu, maana yake amepoteza nusu-uhai mbili, na nusu-uhai mbili kwa lumefantrini ni siku 8. Siku ya 7 jirani yuko pale ambapo mkulima atafika siku ya 15. Ameshakuwa chini ya mstari huku vimelea vyake vya mwisho huenda bado viko hai. Jumatatu hiyo wote wawili wanajisikia sawasawa, wanapanda daladala moja, na hakuna awezaye kuwatofautisha kwa macho. Tofauti itajitokeza wiki ya tatu au ya nne, homa itakapomrudia jirani, naye atasema mseto haufanyi kazi.

Kwa hiyo ninapotoa mseto swali langu la kwanza huwa ni la chakula. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nyumbani kuna maziwa?"

"Yapo ya mgando, lakini mgonjwa hataki kula kitu."

"Asile sana mama. Kikombe kimoja cha hayo mgando kabla ya kila dozi kinatosha kuanzia. Kesho akipata hamu, mpe mtori wenye nyama ya mafuta kidogo, au nusu parachichi. Dozi za kesho na kesho kutwa ndizo zitakazobeba zaidi, usimwache ameze na maji matupu kwa sababu amepata nafuu."

Sentensi ya mwisho ina sababu. Siku ya kwanza mgonjwa ana kichefuchefu na lumefantrini nyingi inapotea, hilo tunalitarajia. Hamu ikirudi Jumanne na Jumatano, dozi zinaingia vizuri na kufidia. Anayepata nafuu akaacha chakula, au akaacha dozi mbili za mwisho kabisa, anakata mkia wake mahali unapoanzia.

Mstari huo unaweza pia kudanganya, na hapa nusu-uhai una mpaka ambao lazima uufahamu. Kuna dawa ambazo kazi yake inaendelea wakati zenyewe hazimo tena kwenye damu. Aspirini ina nusu-uhai wa kama dakika 20, lakini inaharibu moja kwa moja uwezo wa chembe sahani kugandisha damu, na chembe sahani haijirekebishi. Mwili unangoja kutengeneza nyingine, kazi ya siku 7 hadi 10. Daktari wa upasuaji anayekwambia uache aspirini siku kadhaa kabla ya kisu hahesabu nusu-uhai wa aspirini, anahesabu umri wa chembe sahani. Kabla ya kuchora mstari wowote, jiulize dawa yako inamshika adui wakati ipo tu, au inaacha kovu. Lumefantrini inahitaji kuwepo.

Hatua ya 6: Tenganisha kazi ya dawa na mabaki yake

Mabaki hukaa muda mrefu kuliko kazi, na muda huo hauamuliwi na mwili peke yake. Unaamuliwa pia na mashine inayotafuta. Rudi kwenye jedwali la mkulima. Mashine inayoona hadi nanogramu 50 itampata na lumefantrini hadi siku ya 19. Mashine kali zaidi inayoona nanogramu 6 itampata nusu-uhai nyingine 3 mbele, siku 12 zaidi, hadi siku ya 31. Mtu yuleyule, damu ileile. Mtu akikuuliza "dawa inakaa mwilini siku ngapi" bila kusema anapimwa kwa mashine gani, swali lake halina jibu moja, na anayempa jibu moja anabahatisha.

Mabaki yana maana mbili kwa mgonjwa wa kawaida. Ya kwanza ni kukutana na dawa nyingine. Lumefantrini na dawa kadhaa za malaria zinaweza kurefusha muda ambao umeme wa moyo huchukua kutulia katika kila pigo, na zikikutana zinaongezana. Karatasi ya mseto inakataza kuutumia na halofantrini, dawa ya zamani ya malaria, ndani ya mwezi mmoja, iwe kabla au baada. Mwezi huo umetoka wapi? Chukua nusu-uhai mrefu zaidi wa lumefantrini, siku 6, zidisha kwa 5. Siku 30. Kwa mwenye nusu-uhai wa siku 3 zingetosha siku 15, lakini hakuna anayejua yeye ni wa 3 au wa 6, kwa hiyo usalama unahesabiwa kwa anayechelewa zaidi. Ufanisi unahesabiwa kinyume, kwa anayewahi: unapotaka kujua kama dawa bado inakulinda, jichukulie kuwa wewe ni wa siku 3. Ndiyo maana hatumwambii mtu aendelee kulala bila chandarua kwa sababu "dawa bado iko mwilini". Ulinzi wa lumefantrini dhidi ya mbu wapya ni wa wiki mbili hivi kwa wastani, na mbu wa mashamba ya mpunga hangoji wastani.

Maana ya pili ni usugu. Mkia mrefu una wakati ambapo dawa ipo lakini haitoshi kuua. Kimelea kipya kikiingia wakati huo, kilicho dhaifu kinakufa na chenye uvumilivu kinabaki na kuzaana. Klorokwini, yenye nusu-uhai wa mwezi mmoja hadi miwili, ilikuwa na mkia mrefu kupita zote tulizozitumia, na mkia huo ulikuwa sehemu ya sababu za kushindwa kwake. Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikahamia dawa nyingine, SP, na mwaka 2006 ikahamia mseto. Lumefantrini nayo ina mkia, mfupi kuliko huo, na inalindwa na atemetha inayowapunguza maadui kwanza. Nayo inailinda atemetha kwa kuua vimelea vinavyobaki, ndiyo sababu atemisinini haitakiwi kumezwa peke yake, hata ikimshusha mtu homa kwa siku moja.

Hatua ya 7: Angalia nani havai namba ya karatasini

Namba ya karatasini ni ya watu waliopimwa. Mgonjwa aliye mbele yako anaweza kuwa na ini linalokimbia zaidi. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, kama wagonjwa wengi wanaofuatiliwa kutoka hospitali ya Kibong'oto, ana vimeng'enya vya ini vilivyochochewa, vinavyoteketeza atemetha na lumefantrini kabla hazijafanya kazi. Mseto haupaswi kutolewa pamoja na rifampisini. Uchochezi huo nao hauishi siku anayoacha rifampisini. Vimeng'enya vinachukua kama wiki mbili kurudi kawaida. Efavirenzi, dawa ya VVU, nayo hupunguza lumefantrini, ingawa si kwa kiwango hicho. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote, uliza dawa nyingine zote, na za mwezi uliopita pia.

Hatua ya 8: Homa ikirudi, tumia hesabu kuamua kipimo

Mkulima wetu amerudi siku ya 15, Jumanne. Ana mafua na kichwa kinamuuma. Amepima kwa kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kwenye duka la dawa, mistari miwili imetokea, na ameambiwa malaria haijatoka.

Kipimo kile hakimtafuti kimelea mwenyewe. Kinatafuta protini yake, HRP2, na protini hiyo nayo inaondoka kwenye damu polepole kama dawa, huku nyingine ikitoka kwenye chembe nyekundu zilizowahi kuingiliwa. Inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kimelea wa mwisho kufa, hasa kwa aliyekuwa na vimelea vingi. Siku ya 15 mistari miwili inasema tu kwamba alikuwa na malaria hivi karibuni, jambo ambalo tulikuwa tunalijua. Kumpa mseto mwingine kwa ushahidi huo ni kumlundikia lumefantrini juu ya lumefantrini bila sababu, na kuacha ugonjwa wake halisi bila tiba.

Anachohitaji ni darubini. Hapa mjini kipimo hicho cha matone ya damu kinapatikana kwenye vituo vya afya na hospitali, na mtaalamu akiangalia vizuri atasema kama kuna vimelea hai. Kisipoonekana kitu, atafutiwe chanzo kingine cha homa. Vikionekana, siku ya 15 iko ndani ya siku 28 za kufuatilia dozi, kwa hiyo tunalichukulia kama dozi iliyoshindwa. Daktari huchagua mseto mwingine, kama dihidroatemisinini na piperakwini, akikumbuka kwamba lumefantrini ya mkulima bado iko kwenye nanogramu 100 hivi na piperakwini nayo inagusa moyo. Mwenye historia ya ugonjwa wa moyo, au anayezimia-zimia, apimwe umeme wa moyo kwanza. Akiwa na dalili za malaria kali, yaani degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu au kushindwa kuketi, hakuna hesabu ya kufanya: apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Ili daktari aweze kuhesabu, anahitaji kitu kimoja ambacho wagonjwa wengi hawana, nacho ni tarehe na saa ya dozi ya kwanza na ya mwisho. Boksi la mseto lina nafasi ya kutosha kuandika kwa kalamu. Andika "Jumatatu saa 4 asubuhi" upande mmoja na "Jumatano saa 4 usiku" upande wa pili, ongeza dawa nyingine ulizokuwa ukitumia, na ulihifadhi boksi hilo hadi siku 28 zipite.